Keki ya Mayai kwa Mvuke: Majibu kwa Wasio na Oveni

Sina oveni, nina jiko la gesi la plate mbili na sufuria. Nipe vipimo vya keki ya mayai inayopikwa kwa mvuke. (Mama wa watoto watatu, Tanga)

Chukua mayai 4, sukari gramu 120 (kikombe nusu na vijiko viwili vya chakula), unga wa ngano gramu 120 (kikombe kimoja, usiukandamize), mafuta ya kula vijiko 2, maziwa vijiko 2, chumvi kidogo sana na iliki ya kusaga au vanila. Beking pauda haimo. Kinachoinua keki hii ni hewa uliyoipiga ndani ya mayai, na karibu kila tatizo mlilouliza wiki hii linatokana na hewa hiyo kutoingia, au kuingia kisha ikapotea.

Mama, chagua sufuria kubwa yenye kina, na chombo cha keki chenye upana wa sentimita 18 hadi 20 ambacho kikikaa ndani kinaacha nafasi ya vidole viwili kila upande. Mvuke unapita hapo. Chini weka kitu cha kukalishia chombo: bakuli la bati lililopinduliwa au mawe matatu bapa yaliyosafishwa. Mimina maji ya kina cha sentimita 3 au 4, yasiguse chombo cha keki. Tandika karatasi ya kuokea kwenye kitako cha chombo, lakini ubavuni usipake mafuta, kwa sababu keki ya povu hupanda kwa kushika ukuta. Ikiiva utapitisha kisu pembeni, itaachia.

Maji yawe yamekwisha kuchemka kabla hujaanza kuchanganya unga. Povu halisubiri. Rojo likikaa mezani dakika 10 huku maji yakipata moto, utaona mapovu yakipasuka juu, na kila linalopasuka ni kimo ulichopoteza. Ukishaingiza chombo, funika, punguza moto, hesabu dakika 30.

Napiga mayai kwa mchapo wa mkono hadi mkono unakufa ganzi, hayaumuki. Nifanyeje bila mashine? (Msomaji, Morogoro)

Ndugu yangu, bila shaka unapiga yai zima. Yai zima kwa mkono ni kazi ndefu, kwa sababu kiini kina mafuta na mafuta hulizuia povu lisishikane. Tenga ute na viini. Ute ukipigwa peke yake huumuka haraka, na ukishakunywa sukari unakuwa imara kiasi cha kupokea viini bila kuanguka.

Fanya hivi. Mayai yaliyotoka kwenye friji ni rahisi kuyatenga, lakini ute wa vuguvugu unaumuka vizuri zaidi, basi yatenge yakiwa baridi kisha uache ute ukae nje nusu saa. Tumia bakuli la bati, kioo au udongo. Bakuli la plastiki hubaki na utando wa mafuta hata likioshwa, na tone la mafuta au la kiini linatosha kuharibu kazi yote. Pangusa bakuli na mchapo kwa kipande cha limau. Piga ute mpaka uwe na povu jeupe, kisha tia sukari kwa mafungu matatu, ukipiga kati ya fungu na fungu. Sukari yetu ya dukani mara nyingi ina chembe kubwa. Isage kidogo kwenye kinu au blenda, itayeyuka upesi. Baada ya dakika 8 hadi 10 inua mchapo: povu lisimame, ncha yake ijikunje kidogo, na ling'ae. Ukilisugua kati ya vidole usisikie chembe.

Sasa tia viini kimoja kimoja, piga kidogo tu baada ya kila kimoja. Rojo litageuka rangi ya siagi. Alama ya mwisho ndiyo unayotakiwa kuiamini kuliko saa: inua mchapo na uchore mstari kwa rojo linalodondoka. Mstari ukibaki juu ukionekana kwa muda wa kuhesabu taratibu hadi kumi, umefika. Ukizama mara moja, endelea kupiga, hata kama mapishi fulani yalikwambia dakika tano zinatosha.

Povu langu huwa zuri kabisa, lakini keki ikiiva chini kunakuwa na tabaka gumu kama mpira. Ni unga mbaya? (Msomaji, Mombasa)

Unga una sehemu ndogo katika hili. Kata keki katikati uangalie, kwa sababu mpira wa chini una sura zaidi ya moja.

Tabaka jembamba, la njano, linalong'aa: hayo ni mafuta na maziwa yaliyozama. Mafuta ni mazito kuliko povu, ukiyamimina moja kwa moja yanateleza hadi kitakoni. Chota vijiko vitatu vya rojo, vichanganye na mafuta na maziwa ya vuguvugu kwenye kikombe hadi viwe kitu kimoja, ndipo urudishe mchanganyiko huo kwenye bakuli. Uzito wake sasa umekaribia uzito wa povu, hauzami.

Ukiona vidonge vyeupe, unga haukuchanganyika. Chekecha mara mbili, mara ya pili moja kwa moja juu ya povu, kwa mafungu matatu. Usizungushe kama unayekoroga uji. Shusha mwiko bapa katikati mpaka chini, kwangua kitako, pandisha ubavuni na ugeuze juu, huku mkono mwingine ukizungusha bakuli. Weupe wa unga ukipotea, acha hapo hapo.

Na ikiwa keki nzima ni nzito, si chini pekee, basi umechanganya mno au povu halikufika. Rojo zuri humiminika kwa uzito, likijikunja juu ya lenyewe. Likitiririka kama maji ya uji, hewa imetoka, na kulipiga upya hakusaidii kwa kuwa unga umo tayari na utazidi kukaza. Nikiliona hivyo hutia kijiko kimoja cha chai cha beking pauda, nachanganya mara chache na kulipika kwenye vikombe vidogo kwa dakika 15. Si keki ileile, ni vikeki vizito kidogo, lakini mayai manne hayakutupwa.

Kuhusu unga wenyewe: ule wa kukandia chapati una nguvu ya kuvutika ambayo keki haiihitaji. Toa vijiko 2 vya unga, weka vijiko 2 vya unga wa kastadi. Sehemu yake kubwa ni wanga wa mahindi, hivyo keki inalainika na inapata rangi nzuri pia.

Juu ya keki yangu kunakuwa na vidimbwi na mashimo, na pamelowa. (Msomaji, Dar es Salaam)

Ni maji ya kifuniko. Mvuke ukigusa bati lenye baridi hugeuka matone, na kifuniko bapa huyaangusha katikati kabisa, mahali keki ilipo laini zaidi. Funga kifuniko kwa kitambaa kinene cha pamba, taulo la jikoni au kanga kuukuu iliyokunjwa mara mbili, kisha pindisha pembe zote na uzifunge juu kwenye kishikio. Kwenye gesi hili ni la lazima, pembe inayoning'inia inashika moto. Baada ya nusu saa utakiona kitambaa kimelowa. Maji hayo yote yangekuwa juu ya keki.

Inapanda vizuri mpaka inakaribia kifuniko. Nikifunua tu inasinyaa mbele ya macho yangu. (Msomaji, Mwanza)

Moto wako ni mkali. Mvuke wa nguvu huvimbisha mapovu kabla kuta za yai na unga hazijakaza. Keki inapanda kwa fahari, inapasuka juu, na inapokutana na hewa baridi mvuke uliomo ndani hugeuka maji, mapovu yananywea na kuta zinafuata. Maji yakishachemka na keki ikiwa ndani, punguza moto mpaka uone mvuke ukitoka pembeni kwa upole, kifuniko kisitikisike na usisikie maji yakigonga chombo. Wa mkaa, toa makaa kadhaa, yaliyobaki yasambaze pembeni.

Usifunue kabla ya dakika 25. Halafu choma kijiti cha mshikaki katikati: kikitoka kikavu, bonyeza juu kwa kidole, shimo lirudi. Zima moto, chomeka kijiko kati ya sufuria na kifuniko ili kibaki ufa, na subiri dakika 5 joto lishuke polepole. Kisha itoe na uipindue juu ya ungo uliotandikwa kitambaa safi. Ukiiacha ipoe ndani ya chombo, jasho la bati litairudia chini.

Kupungua kidogo pande zote ni kawaida. Katikati kukibonyea na kukanata, haikuiva. Juu kukikunjamana huku ndani kukiwa pakavu na laini, ulikuwa moto mkali, au uliitoa ghafla.

Niko Nairobi. Nafuata dakika 30 lakini kijiti hutoka na unyevu. (Msomaji)

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Mvuke wako una joto pungufu kuliko wa Tanga. Ongeza dakika 5 hadi 10, usiongeze moto, maana moto mkubwa haupandishi joto la mvuke, unayakausha tu maji mapema. Weka birika la maji ya moto karibu. Ukilazimika kuongeza, pitisha maji hayo pembeni ya sufuria, kamwe yasiwe ya bomba.

Kwa nini yangu ni nyeupe? Nataka ile ya kahawia juu. (Msomaji, Arusha)

Kwa mvuke hutaipata. Keki hubadilika kuwa ya kahawia juu kwenye joto la nyuzi 140 hivi na kuendelea, wakati mvuke wa sufuria ya kawaida hauvuki 100. Ukipenda rangi hiyo, kata vipande uvibanike kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika moja kila upande. Sukari ya kahawia pia huipa keki rangi ya asali ndani na nje. Kakao itie kijiko kimoja tu mahali pa kijiko cha unga na uchanganye upesi, kwa sababu mafuta yake hupasua povu.

Inakaa siku ngapi? (Msomaji, Unguja)

Ina unyevu mwingi na siagi haimo, kwa hiyo kwenye joto la pwani ile siku ya kwanza ndiyo yake. Kwenye friji, ikiwa imefungwa vizuri, siku tatu. Itakuwa imekaza, irudishe kwenye mvuke dakika 3, italainika upya.