Mediani ya kisanduku na ya mstari hazifanani: nani kakosea?

*Shikamoo mwalimu. Nimeambatanisha picha ya swali: mstari wa marudio limbikizi wa alama za wanafunzi 80, na chini yake mchoro wa kisanduku wa alama hizohizo. Kwenye mstari nimesoma robo ya kwanza 44, mediani 62, robo ya tatu 87. Kisanduku kinaonyesha 40, 54 na 70. Kitabu kimekosea?*

Marahaba. Kitabu kiko sawa. Tazama tena mhimili wa wima kwenye picha yako: namba zimeandikwa hadi 100, lakini mstari wenyewe unaishia 80. Wewe umegawa urefu wa mhimili, ukaanzia 25, 50 na 75. Kinachogawanywa ni idadi ya wanafunzi, na idadi hiyo ndipo mstari unapokomea juu. Nusu ya 80 ni 40, robo yake ni 20, robo tatu ni 60.

Anza na 40 kwenye mhimili wa wima. Nenda kulia hadi uguse mstari, kisha shuka wima hadi kwenye alama. Hapo mraba mdogo mmoja ni alama 2, nawe unatua miraba saba baada ya 40, yaani 54. Hiyo 40 uliyoanzia ni idadi ya watu. Mediani ni alama uliyoshukia. Wengi huishia kuandika ile ya kwanza, kwa hiyo jibu lako liandike na kipimo chake: alama 54. Ukianzia 20 utashukia 40, na ukianzia 60 utashukia 70.

Kwa kuwa michoro yote miwili inatumia mhimili mmoja wa alama, endeleza kila mstari wa kushuka mpaka ufike kwenye kisanduku. Lazima ugonge ukingo wa kushoto, mstari wa ndani na ukingo wa kulia. Usipogonga, umekosea pa kuanzia au umepinda njiani. Picha yako imepigwa kwa pembeni, kwa hiyo usiweke rula juu ya kioo cha simu; fuata mistari ya karatasi ya grafu yenyewe, maana nayo imeinama pamoja na mchoro.

Ukipata 53 au 55 usihangaike. Mstari umepitishwa kwenye nukta za mwisho wa kila kundi la alama, na katikati ya nukta hizo tunakisia tu. Ndiyo maana pia hakuna haja ya kutafuta nafasi ya 40.5: tofauti yake haionekani kwenye grafu.

Ncha za mikono ya kisanduku, 8 na 96, usizitafute kwenye mstari. Wenyewe unaanzia alama 0 na kuishia alama 100 kwa sababu hiyo ndiyo mipaka ya makundi. Alama ya chini kabisa na ya juu kabisa zinatoka kwenye orodha ya alama zenyewe.