Jedwali dogo la mbili kwa mbili: hesabu kwa mkono kwanza

Ninyi mnaoanza staji ya takwimu za afya hapa Bukavu, jedwali la aina hii litawafikia mapema. Nyumba 16 za Kadutu zimetembelewa. Nane zinachota maji ziwani, nane zinatumia bomba, na swali ni kama kuna mtu aliyeharisha wiki ile.

```
        Ndiyo  Hapana  Jumla
Ziwa      5      3       8
Bomba     1      7       8
Jumla     6     10      16
```

Mwaka wangu wa kwanza nililipeleka moja kwa moja kwenye kai-mraba, bila sahihisho la Yates, nikapata p = 0.039, nikaandika kwamba tofauti ipo. Mkubwa wangu wa kazi hakubishana nami. Aliniuliza tu: "Ulitarajia nyumba ngapi kwenye kila chumba cha jedwali?"

Kinachoangaliwa ni idadi inayotarajiwa, si ile iliyoonekana. Wengi wanashtuka kuona 1 ndani ya jedwali, kumbe hiyo peke yake haisemi kitu. Zidisha jumla ya mstari kwa jumla ya safu, gawanya kwa jumla kuu: 8 × 6 ÷ 16 = 3. Kwa hiyo vyumba viwili vya "Ndiyo" vinatarajia 3 kila kimoja, na vya "Hapana" vinatarajia 5. Kanuni ya kazi inataka 5 au zaidi. Chini ya hapo, mstari laini uliopinda wa kai-mraba haufuati tena ngazi za hesabu halisi. Programu ya R yenyewe inaonya: `Chi-squared approximation may be incorrect`. Onyo hilo nililiona, nikalipita.

Mbadala wake ni testi ya Fisher, nayo haikadirii. Inashikilia jumla za pembeni zisibadilike, kisha inauliza: kama maji hayana uhusiano wowote na kuharisha, zile nyumba 6 zenye ugonjwa zingeweza kuangukia wapi? Kuchagua nyumba 6 kati ya 16 kuna njia 8008. Njia zinazotoa 5 ziwani na 1 bombani ni 56 × 8 = 448, maana kuchagua 5 kati ya 8 kuna njia 56, na 1 kati ya 8 kuna njia 8. Njia zinazotoa zote 6 ziwani ni 28. Jumla 476, yaani 0.059 kwa upande mmoja. Lakini sisi hatukujua kabla ni upande gani utaumia, kwa hiyo tunaongeza majedwali ya upande wa pili ambayo uwezekano wake hauzidi wa jedwali letu. Hapa makundi yako sawa, nane kwa nane, basi ni 476 nyingine: 952 ÷ 8008 = 0.119.

Toka 0.039 hadi 0.119, kwa nyumba zile zile! Fanya hesabu hii kwa karatasi mara moja, ndipo uandike:

```
m <- matrix(c(5, 1, 3, 7), nrow = 2)
fisher.test(m)
```

R inajaza safu kwanza, si mistari, kwa hiyo angalia `m` kabla ya kuendelea. Na desimali ni nukta: ukiandika 0,05 ndani ya `c()` kama tulivyozoea shuleni, itasoma namba mbili. Usishangae pia kuona `odds ratio` iko chini kidogo ya 10 wakati kwa mkono unapata 35 ÷ 3, karibu 11.7. Si kosa; R inakadiria uwiano huo kwa kushikilia jumla za pembeni.

Sasa jambo ambalo lilinichukua muda kulielewa. Kwa jumla hizi, majedwali yanayowezekana ni saba tu, na p ya pande mbili ina thamani nne tu: 0.007, 0.119, 0.608 na 1. Kati ya 0.007 na 0.119 hakuna kitu. Maana yake, ili ushuke chini ya kikomo cha kawaida cha 0.05, nyumba zote 6 lazima ziwe za upande mmoja. Hata Fisher, alipompima mwanamke aliyedai kutambua kwa ladha vikombe 8 vya chai, vinne vilivyotiwa maziwa kwanza na vinne chai kwanza, alikuwa na ugumu huo: kupatia vyote ni 1 kati ya 70, lakini ukikosea kimoja cha kila aina, p ya upande mmoja inaruka hadi 0.243. Kwa hiyo 0.119 yetu haisemi maji ya ziwa ni salama. Inasema nyumba 16 hazitoshi kuamua.

Mtu atakushauri uchukue upande mmoja "ili ishuke". Hapa haishuki chini ya 0.05 hata hivyo, na kuchagua upande baada ya kuona matokeo ni udanganyifu. Na kama nyumba zile zile zimeulizwa kabla na baada ya kupewa klorini, Fisher haifai kabisa. Hizo ni jozi, tumia testi ya McNemar.

Ripoti yangu niliiandika upya hivi: "Ziwa 5 kati ya 8, bomba 1 kati ya 8; testi ya Fisher, pande mbili, p = 0.119." Chini yake nikaomba siku mbili zaidi za kutembelea nyumba.