Ukurasa mweupe sekunde 20: soma mstari wa buluu kabla hujagusa picha

*"Wakuu, tovuti ya duka kwangu inafunguka sekunde mbili tu, lakini wateja wanalalamika inakaa nyeupe muda mrefu mpaka wanaondoka. Picha nimeshazipunguza. Waliotuuzia nafasi ya seva wanasema kwao kila kitu kiko sawa. Nianzie wapi?"*

Mkuu, hilo la "kwangu inafunguka haraka" lilinipotezea siku mbili mwaka juzi, kwa hiyo nitaanza nalo.

Nilikuwa natunza tovuti ya jamaa anayeuza samani Keko. Mteja mmoja wa Mbeya akampigia: "Kaka, hii tovuti yenu mbona nyeupe tu kama shuka?" Nikaifungua kwenye laptopu yangu, ikaja papo hapo. Nikadhani ni mtandao wa mteja. Akapiga wa pili, wa Tanga. Nikakimbilia picha kama ulivyofanya wewe, nikazibana kutoka megabaiti 6 hadi 1 na kitu. Malalamiko yakabaki palepale.

Kosa langu ni kwamba nilikuwa naangalia tovuti kwa macho ya mtu aliyekwishaifungua mara mia. Kivinjari changu kilikuwa na nakala za karibu kila faili. Mteja mpya hana hata moja. Ndiyo maana cha kwanza ni kujigeuza mteja mpya. Fungua dirisha la siri la Chrome (Ctrl+Shift+N) ili nyongeza ulizoweka kwenye kivinjari zisichanganye hesabu, bonyeza F12, nenda Network, weka tiki kwenye Disable cache, kisha ukurasa ufunguke upya. Hiyo tiki inafanya kazi wakati dirisha la F12 liko wazi tu. Ukilifunga, umerudi kuwa mwenyeji.

Nilipofanya hivyo, laptopu yangu nayo ikatoa shuka jeupe. Sekunde 22.

Sasa usomaji wenyewe. Kila mstari ni faili moja iliyoombwa, na upande wa kulia kuna safu ya Waterfall yenye vibanzi vinavyoonyesha faili ilianza lini na kumalizika lini. Watu wengi hutafuta kibanzi kirefu kuliko vyote na kukilaumu. Mimi naanza na mstari wa kwanza kabisa, ule wa ukurasa wenyewe. Ubonyeze, fungua Timing, na uangalie vitu viwili tu. Waiting for server response ni muda ambao seva ilikuwa inaandaa jibu, ukijumlisha na safari ya ujumbe kwenda na kurudi. Content Download ni muda wa kushusha jibu lenyewe. Kama cha kwanza kinakula sekunde tatu au nne, ugomvi wako uko kwenye seva: hifadhidata, programu-jalizi, au msimbo unaosubiri huduma nyingine. Hapo kubana picha hakusaidii chochote. Kwa yule jamaa wa samani ilikuwa milisekunde 310. Wauza seva walikuwa wanasema kweli, na mimi nilikuwa nimeshawaandikia barua pepe ya matusi nusu.

Kinachofuata ndicho kilichoniokoa. Kwenye Waterfall kuna mistari miwili ya wima. Wa buluu ni DOMContentLoaded, yaani kivinjari kimemaliza kusoma ukurasa wote. Mwekundu ni Load, yaani vilivyoambatana nao vimeshafika. Namba zake zinaandikwa pia chini kabisa. Mstari wangu wa buluu ulikuwa kwenye sekunde 22, na picha karibu zote zilikuwa zimeshafika kabla ya sekunde ya tano! Yaani picha zipo ndani ya kompyuta, zimekaa, na ukurasa bado mweupe. Inawezekana, kwa sababu kivinjari kikikwama kwenye skripti, huchungulia mbele na kuagiza vitu vilivyotajwa huko chini hata kabla hakijafika kuvichora.

Basi swali la kuuliza ni hili: ni mstari gani wa faili unaoisha hapohapo kabla ya mstari wa buluu? Kwangu ulikuwa mmoja, umeandikwa kwa rangi nyekundu, skripti ya kisanduku cha gumzo kutoka kwa huduma ya bure ambayo ilikuwa imeshakufa. Muda wote Status yake ilisoma (pending), na baada ya sekunde 21 ikageuka kuwa (failed), na kwenye Console kukawa na `ERR_CONNECTION_TIMED_OUT`. Seva yao haikukataa wala kukubali, ilikuwa kimya, na kivinjari kikawa kinagonga mlango wa nyumba iliyohamwa. Skripti ikiwa ndani ya `<head>` bila `async` wala `defer`, kivinjari hakiendelei kusoma ukurasa mpaka ifike au ishindikane.

Nikaondoa tiki ya Disable cache kwenye dirisha langu la kawaida, na kwenye safu ya Size mstari uleule ukasoma (disk cache). Nilikuwa nimebaki na nakala ya zamani kutoka enzi huduma iko hai. Mteja wa Mbeya hakuwa nayo.

Kabla hujafuta kitu, thibitisha. Bonyeza mstari unaoushuku kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Block request URL, kisha ufungue ukurasa upya. Skripti iliyozuiwa hivyo inashindikana papo hapo badala ya kusubiriwa. Sekunde 22 zilishuka hadi 1.9, na hapo ndipo niliacha kubahatisha. Kujua nani anaiita, soma safu ya Initiator. Kwangu iliandika `(index):14`, yaani mstari wa 14 wa ukurasa wenyewe. Ikitaja faili ya skripti nyingine, basi hiyo nyingine ndiyo inayoileta, na ndiko uende.

Mimi niliifuta. Kama wewe unaihitaji, iweke hivi:

```html
<script async src="https://gumzo.example/wijeti.js"></script>
```

Nasema `async`, si `defer`, kwa skripti ya watu wengine ya aina hii. Ukiweka `defer` ukurasa utaonekana, lakini DOMContentLoaded bado itaisubiri, na kama menyu au kikapu chako vinasubiri tukio hilo ndipo vianze kazi, mteja ataona vitufe ambavyo havibonyezeki. Kwa `async` mstari wa buluu hausubiri. Mwekundu bado utasubiri, lakini huo mteja hauoni.

Ukikuta hakuna mstari wa faili ulioandikwa kwa rangi nyekundu, usikate tamaa. Huenda skripti ya nje haijafa, inachelewa tu. Pale juu badilisha No throttling kuwa 3G, na uangalie tena nini kinaisha kabla ya buluu. Ila huo upole wa mtandao ni wa kuigiza, hauna kukatikakatika kwa mnara halisi. Kama unaweza, chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa USB debugging, fungua `chrome://inspect` kwenye kompyuta, na usome Network ya simu yenyewe ikiwa kwenye bando.

Weka picha ya Waterfall yako hapa, dirisha la siri, Disable cache ikiwa na tiki. Ficha anwani ya tovuti kama hutaki ionekane, ila uache mstari wa buluu na majina ya faili zinazoishia karibu nao.