Nina pumu na mafua yameanza: karatasi ya mpango nianze kuifuata lini?

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 31, nina pumu tangu utotoni. Kila nikishikwa na mafua, siku ya tatu au ya nne kifua kinabana na nalala nimekaa. Mara ya mwisho nililazwa nikawekewa oksijeni. Nilipotoka nilipewa karatasi ya mpango yenye rangi ya kijani, njano na nyekundu, pamoja na kipimo cha kupuliza. Rekodi yangu nikiwa mzima ni 420. Leo nimeamka napiga chafya. Nianze kuufuata mpango sasa hivi, au nisubiri mpaka kifua kibane?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Usisubiri. Mpango unaanza na chafya ya kwanza, ila leo unaanza kwa kupima na kuandika tu. Dawa utaiongeza pale kifua kitakapotoa dalili ya kwanza, hata ikiwa ndogo, hata kama kipimo bado kinasoma vizuri. Ukiitafuta karatasi wakati umeshaanza kulala umekaa, utakuwa umepoteza siku moja au mbili, na hizo ndizo siku ambazo dawa hufanya kazi vizuri zaidi.

Nikueleze kwanza kinachotokea ndani, kwa sababu ukikielewa hutahitaji kukariri mengi. Virusi vya mafua huanzia puani. Kwa mwenye pumu, vikifika kwenye mirija ya hewa, ukuta wa ndani wa mirija huvimba, kohozi zito huongezeka, na misuli inayoizunguka mirija hujikaza. Inhela ya bluu, yaani salbutamoli, inalegeza ile misuli tu. Uvimbe haiugusi na kohozi hailiondoi. Ndiyo maana siku ya kwanza unavuta, unafunguka ndani ya dakika chache na kukaa vizuri kwa muda wa saa 4 au zaidi, halafu siku mbili baadaye unavuta dawa ileile, na baada ya saa 2 tu kifua kimerudi palepale. Wengi hudhani dawa imeisha nguvu. Mara nyingi dawa ni nzima, uvimbe ndio umeongezeka. Kwa hiyo, kati ya dalili zote, hii ndiyo ninayowasisitizia wagonjwa wangu zaidi: angalia inhela ya bluu inakushika kwa muda gani. Kila ukivuta, andika saa uliyovuta na saa uliyohitaji tena.

Leo fanya hivi. Dawa yako ya kinga, ile ya kila siku yenye steroidi, endelea nayo asubuhi na jioni bila kuruka. Wapo wanaoisimamisha wakiwa na mafua kwa kuogopa kuchanganya dawa, na hilo ni kosa kubwa, kwa sababu hiyo ndiyo dawa inayopambana na uvimbe. Hakikisha inhela ya bluu ina dawa ya kutosha. Kama ina kihesabio, kisome. Kama haina, kumbuka kwamba nyingi huwa na mivuto 200, na kwamba kuitikisa hakukuambii kitu, maana hewa ya kusukumia hubaki hata dawa ikiwa imekwisha. Toa pia speisa yako, ile chupa ya plastiki ya kuvutia dawa. Unapoumwa huwezi kuvuta pumzi ndefu na tulivu, na bila speisa dawa nyingi huishia kooni.

Kisha pima. Simama wima, vuta hewa mpaka mwisho, funga midomo vizuri kwenye kipimo, puliza mara moja kwa nguvu na kwa kasi. Rudia mara tatu na uandike namba ya juu kabisa, usitafute wastani. Pima asubuhi ukiamka na jioni, kabla ya kuvuta inhela ya bluu, la sivyo utakuwa unapima kazi ya dawa badala ya hali ya mirija yako.

Kwa rekodi ya 420, mipaka yako ni hii. Asilimia 80 ni 336, kwa hiyo kuanzia hapo kwenda juu ni kijani. Asilimia 50 ni 210, kwa hiyo chini ya hapo ni nyekundu. Katikati ni njano. Ziandike namba hizo kwa kalamu nzito juu ya karatasi yako, kwa sababu usiku ukiwa unahema hutakuwa na akili ya kupiga hesabu.

Sasa tuchukue wiki moja ya mfano. Leo umepuliza 410, pua inatiririka, kifua kimetulia. Hiyo ni kijani, huongezi kitu. Kesho jioni unapata 390. Keshokutwa unaamka saa tisa usiku kwa kikohozi, unakohoa dakika kumi, unarudi kulala, na asubuhi unapuliza 350. Hapa ndipo watu wengi hujidanganya. Namba bado iko juu ya 336, basi wanasema "bado kijani". Sivyo. Kuamshwa usiku na kikohozi au kubanwa, kuchoka kwa ngazi ambazo juzi ulizipanda bila shida, kusikia mlio kama wa filimbi ukitoa pumzi, au kuhitaji inhela ya bluu ilhali kwa kawaida unakaa bila kuihitaji, kila moja peke yake inatosha kukuingiza njano. Namba na dalili zikipingana, fuata iliyo mbaya zaidi. Na kwa kuwa umewahi kufika kwenye oksijeni, mimi ningekutaka uwe mwepesi zaidi wa kuhama rangi kuliko mgonjwa mwingine.

Kwenye njano, soma kilichoandikwa kwenye karatasi yako na ukifanye siku hiyohiyo. Mipango mingi huruhusu mivuto 2 hadi 4 ya salbutamoli kila baada ya saa 4 kadiri unavyohitaji, na huongeza dawa ya kinga kwa siku kadhaa. Kiasi cha nyongeza kinategemea aina ya dawa uliyonayo, kwa hiyo usiazime kiwango cha mtu mwingine. Wapo wanaotumia inhela moja yenye budesonidi na formoteroli kwa kinga na kwa kutuliza pia. Mpango wao ni tofauti kabisa na huu wa inhela ya bluu.

Tuendelee na mfano. Siku ya nne asubuhi unapata 320. Unavuta mivuto 4 saa moja asubuhi, unafunguka. Saa tano unahitaji tena. Hapo dawa imekushika saa 4 kamili, bado uko ndani ya njano, ila chunga. Unavuta tena saa tisa alasiri, na saa kumi na moja kifua kimebana tena. Imekushika saa 2 tu. Sasa usisubiri kesho. Mpigie daktari wako au nenda kliniki siku hiyohiyo, kwa sababu umefika mahali ambapo kwa kawaida tunahitaji vidonge vya steroidi, yaani prednisoloni. Fanya vivyo hivyo kipimo kikishuka chini ya asilimia 60, ambayo kwako ni 252, au kama umefuata hatua za njano kwa siku mbili bila kuona nafuu.

Haraka hiyo ina sababu. Prednisoloni huchukua saa 4 au zaidi kabla ya kuanza kuleta nafuu inayoonekana. Anayeimeza mchana akiwa bado anaongea vizuri huenda akalala usiku ule. Anayesubiri mpaka usiku wa manane ameshachelewa, maana kwa saa hizo zote hana kitu mkononi isipokuwa dawa ya kulegeza misuli. Madaktari wengine humpa mgonjwa aliyewahi kuzidiwa kama wewe vidonge vya kuweka nyumbani, dozi ikiwa imeandikwa kwenye karatasi. Kwa mtu mzima mara nyingi huwa miligramu 40 hadi 50 kwa siku, kwa siku 5 hadi 7. Zungumza na daktari wako kuhusu hilo, na usianze bila kuandikiwa.

Nyekundu haihitaji kufikiri. Kipimo chini ya 210, kushindwa kumaliza sentensi bila kukata pumzi, mbavu au shimo la koo kuingia ndani unapovuta hewa, midomo kuwa ya bluu au kijivu, kuchanganyikiwa au kusinzia, au inhela ya bluu kutokusaidia kabisa: hapo unaita gari la wagonjwa au unapelekwa hospitali mara moja. Wakati unasubiri, kaa wima na tumia speisa. Bonyeza mvuto mmoja, pumua ndani ya speisa mara 4 hadi 6, subiri nusu dakika hadi dakika moja, kisha mwingine, mpaka mivuto 10. Kama hujapata nafuu na msaada haujafika baada ya dakika 10 hadi 15, rudia. Wale unaoishi nao waambie jambo hili moja: ule mlio wa filimbi ukinyamaza huku mtu bado anahangaika kupumua, hajapona. Hewa inayopita imekuwa kidogo mno hata haiwezi kutoa sauti.

Kuhusu mafua yenyewe, kwa homa na maumivu tumia parasetamoli. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huchokoza pumu kwa baadhi ya watu, kwa hiyo kama hujawahi kuzitumia bila shida, huu si wakati wa kujaribu. Dawa za kikohozi zenye kusinzisha ziache. Antibayotiki haziui virusi, na kohozi kuwa la kijani peke yake hakumaanishi unazihitaji. Homa kali inayodumu, au kifua kuuma upande mmoja ukivuta pumzi, hayo ni ya kuonana na daktari.

Mafua yenyewe huwa yameisha ndani ya siku 7 hadi 10, lakini mirija huchelewa kuyafuata. Wagonjwa wengi huacha nyongeza siku pua inapokauka, wakati kipimo bado kiko 360. Endelea kupima hadi urudi karibu na 420, asubuhi na jioni zisitofautiane sana, na uwe unalala usiku mzima bila kukohoa. Nyongeza iache kwa siku zilizoandikwa kwenye mpango, si kwa kujisikia. Kama safari hii utahitaji prednisoloni, rudi kwa daktari wako ndani ya siku chache na umpelekee daftari lako la namba na saa. Kutokana na saa zile ulizovuta ataona mpango ulichelewa wapi, na anaweza kuamua kubadili dawa ya kinga au kusogeza mpaka wako wa njano juu zaidi.