Katiba Dei ni holidei ama ni siku ya kazi tu? Angalia hapa kabla ulale nyumbani

Kuna dada mmoja wa duka la agroveti huko Bungoma amenitumia meseji, anauliza kama tarehe 27 Agosti apumzike, juu kwa grupu yao ya WhatsApp mtu ameposti kadi ya bendera imeandikwa "Heri ya Siku ya Katiba" na wenzake washaanza kupanga safari za ushago. Nikamwambia dada, enda kazi.

Hiyo siku rais aliitangaza Agosti 2025, katiba ikitimiza miaka 15, na tangazo lenyewe likasema wazi kwamba si sikukuu ya mapumziko. Ni siku ya kazi, kuna shughuli za kuadhimisha tu. Ukikosa kwenda bosi akukate, hauna mahali pa kushtaki. Lakini naona watu wakisikia "rais ametangaza siku" wanasimama hapo hapo, hawasomi sentensi inayofuata.

Mimi haya mambo niliyajua kwa uchungu. 2018 nilikuwa karani wa stoo Nakuru, kampuni siitaji, na ikafika tarehe 10 Oktoba bosi akasema kila mtu aripoti kama kawaida, eti Moi Dei ilikufa na katiba mpya. Wenzangu wote wakanyamaza. Ni kweli katiba ya 2010, kifungu cha 9, inataja siku za kitaifa tatu pekee, yaani Madaraka, Mashujaa na Jamhuri, na serikali yenyewe ilikuwa imeipuuza 10 Oktoba miaka mingi. Lakini hicho kifungu kinasema pia bunge linaweza kuweka sikukuu zingine kwa sheria, na hiyo sheria ipo, inaitwa Public Holidays Act, Sura ya 110. Nyuma yake kuna jedwali la tarehe, na 10 Oktoba haikuwa imetolewa humo. Ndiyo maana Novemba 2017 mahakama kuu ilikuwa imesema bado ni holidei mpaka bunge liiondoe.

Basi nikafanya kazi siku nzima, masaa nane, halafu jioni nikaenda saiba nikaprinti jedwali, pamoja na tangazo la waziri wa usalama wa ndani lililotoka kwa Kenya Gazette siku hizo. Mshahara wangu ulikuwa 18,000. Amri ya jumla ya mishahara inasema wa mwezi unagawanya kwa 225 kupata saa moja, kwa hivyo 80, na kazi ya sikukuu inalipwa mara mbili, kwa hivyo 160, mara saa nane ni 1,280. Nikaandika hiyo hesabu kwa karatasi nikampelekea bosi. Alilipa, tena alilipa stoo yote, lakini tangu siku hiyo akaniita "wakili wa mtaani" mbele ya madereva, na wale nilioletea pesa wakacheka naye. Hiyo bado inaniuma, siwadanganyi.

Sasa wewe fanya hivi. Ingia kenyalaw.org, tafuta Public Holidays Act, shuka mpaka jedwali la mwisho. Angalia tarehe, achana na jina, maana hiyo 10 Oktoba imeitwa Moi, ikaitwa Utamaduni, siku hizi ni Mazingira, na watu bado wanapumzika. Tarehe ikiwa humo sehemu ya kwanza, ni ya kila mtu. Idd-ul-Azha na Diwali zimewekwa kando kwa waumini wake, ingawa waziri anaweza kuitangazia nchi nzima. Tarehe ikikosekana kabisa, tafuta notisi ya waziri kwa Gazette ya wiki hiyo, yenye namba na inayotaja hiyo sheria. Ndivyo 13 Novemba 2023 ya kupanda miti ilivyokuwa holidei bila kuwa kwa jedwali. Picha ya notisi iliyotumwa WhatsApp bila namba usiiamini, fungua Gazette mwenyewe.

Na msichanganye Jumapili na Jumamosi jamani. Sikukuu ikiangukia Jumapili inasongeshwa, kama Madaraka ya 2025 ambayo watu walipumzika Jumatatu tarehe 2 Juni. Ya Jumamosi haisongi. Mwaka 2026 Mazingira na Jamhuri zote ni Jumamosi, kwa hivyo wale wa ofisi wasahau Jumatatu, ila nyinyi wa maduka ambao Jumamosi ni kazi, hapo ndipo mnafaa kuchukua kalamu mpige ile hesabu ya 225. Sekta zingine kama masoja na mashamba zina amri zao za mishahara, na kama kuna mkataba wa chama cha wafanyakazi soma huo kwanza. Bosi akikataa, beba peisilipu na rekodi ya saa za kuingia na kutoka uende ofisi ya leba ya kaunti, maana bila hizo hautaonyesha kwamba ulikuwa kazini siku hiyo.