Nyumba ya Donholm: niliishi miaka 13, je, nitalipa ushuru nikiuza?

Swali: Mhasibu, habari. Nilinunua nyumba Donholm mwaka 2009 kwa milioni 4.2, nikaishi humo na familia hadi 2022, tukahamia kwetu Kitengela. Ile ya Donholm nimeipangisha tangu wakati huo. Sasa nimepata mnunuzi wa milioni 16.5. Ajenti ananiambia nyumba ya kuishi haitozwi ushuru. Wakili ananiambia nitalipa. Nani yuko sawa? Na kama ni kulipa, nilipe kiasi gani? Niliongeza vyumba na kujenga ukuta, ila risiti nyingine zimepotea.

Jibu: Mzee wangu, wakili wako yuko sawa. Ajenti ameshika nusu ya kanuni. Ni kweli Sheria ya Ushuru wa Mapato inasamehe nyumba ambayo mwenyewe anaishi, lakini inataka awe ameishi humo mfululizo kwa miaka mitatu inayotangulia uhamisho moja kwa moja. Hesabu inaanzia siku ya uhamisho na kurudi nyuma, kwa hiyo miaka yako 13 ya mwanzo haiingii. Miaka mitatu ya mwisho nyumba imekuwa na mpangaji, na mpangaji hakuishii wewe. Hakuna pia kugawanya, kwamba kwa kuwa uliishi humo muda mrefu kuliko ulivyopangisha, usamehewe sehemu kubwa. Umetimiza miaka mitatu au hukutimiza.

Basi tupige hesabu. Ushuru wa faida ya mtaji ni asilimia 15 ya faida halisi. Ulikuwa asilimia 5 uliporudishwa mwaka 2015, ukapandishwa kuanzia Januari 1, 2023. Kinachoangaliwa ni lini umeuza, hata kama ulinunua wakati ushuru huu haukuwepo kabisa.

Anza na upande wa mauzo. Kwenye milioni 16.5 unatoa kwanza gharama za kuuza: ada ya ajenti, ya wakili wako, ya mthamini, na tangazo kama uliweka. Hukunitajia viwango, kwa hiyo nachukua mfano. Tuseme ajenti anachukua asilimia 3, yaani 495,000, na wakili pamoja na mthamini ni 205,000. Hizo ni 700,000. Zinabaki 15,800,000.

Upande wa pili ni gharama ya nyumba yenyewe, na hapa ndipo watu huacha pesa nyingi mezani. Wengi huandika bei ya kununua tu. Sheria inakuruhusu kuongeza gharama ulizoingia ili uipate: ushuru wa stempu, ambao kwa Nairobi ni asilimia 4, kwako 168,000, na ada ya wakili wa wakati ule, tuseme 72,000. Tayari ni 4,440,000.

Kisha yanakuja maboresho. Yanayokubalika ni matumizi yaliyofanywa kwa ajili ya nyumba hiyo peke yake, ili kuongeza au kuhifadhi thamani yake kama ilivyo wakati wa kuuza. Neno hilo la mwisho lina uzito. Vyumba vipya bado vimesimama, mnunuzi anavilipia, vinaingia. Ukuta na lango vivyo hivyo. Lakini kama uliwahi kujenga kibanda cha mabati uani kisha ukakibomoa kupisha vyumba, usikiweke. Rangi ya mwaka 2012 iliyokwisha kubanduka nami nisingeitetea mbele ya afisa. Na chochote ulichowahi kukitoa kwenye hesabu za mapato yako kama gharama ya kodi ya nyumba hakiingii mara ya pili.

Tuseme vyumba viligharimu 1,850,000, na ukuta 350,000. Risiti za ukuta unazo zote. Za vyumba, ukikusanya ulizonazo, unathibitisha 1,310,000. Gharama yako yote inakuwa 4,440,000 na 1,660,000, yaani 6,100,000. Toa kwenye 15,800,000, faida ni 9,700,000, na asilimia 15 yake ni shilingi 1,455,000. Ungeandika bei ya kununua na ya kuuza peke yake ungelipa 1,845,000. Tofauti ya 390,000 ni makaratasi tu.

Ndiyo maana nakuomba usizikatie tamaa zile 540,000 ambazo hazina risiti. Zina thamani ya shilingi 81,000 za ushuru. Nenda benki uombe taarifa za akaunti za miezi ile ya ujenzi. Tafuta mkataba wa fundi, ramani iliyoidhinishwa na mamlaka ya jiji, malipo ya M-Pesa kwa duka la vifaa. Mwaka jana nilikaa na mama mmoja sebuleni kwake tukimwaga mfuko wa plastiki mezani. Risiti za saruji zilikuwa zimefifia wino hadi karatasi tupu, lakini daftari la fundi lilikuwa na tarehe na kiasi, na kila tarehe ilikuwa na pesa zilizotoka benki siku ileile au jana yake. Hoja ya namna hiyo inasimama. Makadirio ya kichwani hayasimami.

Jambo moja uliangalie leo: bei iliyoandikwa kwenye uhamisho wa 2009. Nimekutana na wauzaji walioshauriwa zamani waandike bei ndogo ili ushuru wa stempu upungue. Aliyeficha milioni moja aliokoa 40,000 wakati ule, na sasa analipa 150,000, kwa sababu gharama yake inaanzia kwenye ile bei ndogo. Na tambua kwamba milioni 4.2 ya 2009 inahesabiwa kama ilivyo. Hakuna marekebisho ya kupanda kwa gharama ya maisha, na mimi naona hilo linawaumiza sana wenye nyumba za zamani.

Unaweza kuuliza, je, nikirudi Donholm? Ukirudi na kuishi kweli miaka mitatu mfululizo hadi uhamisho, msamaha utaupata. Lakini kama unapata kodi ya 45,000 kwa mwezi, utakuwa umeacha 1,620,000, au karibu milioni 1.5 baada ya asilimia 7.5 ya ushuru wa kodi ya nyumba. Hiyo inazidi ushuru unaoukimbia. Hesabu inageuka tu kama utapangisha ya Kitengela kwa bei nzuri, na mnunuzi wa leo hatakungoja.

Mwenye kuishi nyumbani kwake anayesoma haya na kufikiria kuuza, tafadhali usihame ukishapokea amana. Mikataba mingi hapa huchukua siku 90 au zaidi kukamilika, na miaka mitatu inapimwa hadi uhamisho. Ukihamia kwingine na kumkabidhi mnunuzi funguo mapema, umeukata mfululizo mwenyewe. Weka bili za umeme na maji kwa jina lako hadi siku ya mwisho, na omba msamaha kupitia iTax, hautolewi wenyewe. Ukiwa umeimiliki nyumba kwa jina la kampuni, msamaha huu haukuhusu, kwani ni wa mtu binafsi.

Wewe mzee, ushuru unadaiwa pale unapopokea bei yote au uhamisho unaposajiliwa, lolote litakalotangulia. Mwambie wakili atenge ile 1,455,000 kutoka kwenye pesa za mnunuzi kabla hazijaingia akaunti yako, na umpelekee hati za 2009 wiki hii ili akague bei iliyoandikwa.