Nani akague kanuni inayokadiria mchango wa bima ya afya, na kwa ushahidi gani

"Wakuu, sisi tusio na mshahara wa kila mwezi hapa Kenya tunakadiriwa mchango wa SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, na kompyuta inayofuata kanuni ya hesabu baada ya kujibu maswali. Ni nani anayefaa kuikagua kanuni hiyo, na adai ushahidi gani?"

Nimefanya kazi ya takwimu kwa miaka kadhaa katika mradi wa kuchagua kaya za kupewa ruzuku, uliotumia kanuni ya jamii hiyo hiyo, na ninayoyaeleza nimeyaona huko.

Kanuni za aina hii hazipimi kipato chako, bali hukikisia. Wataalamu huchukua utafiti wa bajeti za kaya, ambamo watu waliulizwa kwa kina wanatumia nini, kisha huangalia ni mambo gani yanayoonekana kwa urahisi (paa, sakafu, choo, chanzo cha maji, idadi ya watu, elimu ya mkuu wa kaya) yanaendana na matumizi hayo, na kila jambo hupewa uzito wake. Makisio ya namna hii yana tabia moja inayojulikana: humvuta kila mtu kuelekea katikati, hivyo maskini huonekana ana zaidi ya alichonacho na tajiri huonekana ana pungufu.

Tuchukue kaya mbili za mfano. Ya kwanza hupata shilingi 8,000 kwa mwezi, na kanuni ikaikadiria 18,000; ya pili hupata 60,000, ikakadiriwa 50,000. Wastani halisi ni 34,000 na wastani uliokadiriwa ni 34,000 vilevile, kwa hiyo anayetazama wastani peke yake ataandika kwamba kanuni haina kosa. Lakini mchango ni asilimia 2.75 ya kipato cha kaya, na usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Kaya ya kwanza, iliyostahili kulipa 300, inadaiwa 495, ilhali ya pili inalipa 1,375 badala ya 1,650. Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza ambalo mkaguzi hana budi kulidai ni jedwali la makosa yaliyopangwa kwa tabaka za kipato, kuanzia kaya za chini kabisa, na tena yaliyopimwa kwa kaya ambazo hazikutumika kuiunda kanuni.

Hata hivyo, jedwali hilo halitoshi, kwa kuwa kosa linaweza kuwa katika majibu yaliyoingizwa. Katika mradi wetu tulikuta kaya zote za mdadisi mmoja zimeandikwa kuwa zina maji ya bomba, katika kijiji ambacho watu huteka kisimani. Jibu hilo lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya simu yake. Kosa kama hilo hulioni kwenye kanuni, unaliona ukipanga majibu kwa mdadisi au kwa njia ya usajili. Huko huko nilimkuta mjane mwenye nyumba ya mabati na sakafu ya saruji, iliyojengwa mumewe akiwa hai. Majibu yake yote yalikuwa sahihi, na bado makisio yalikuwa mbali na hali yake, kwa sababu nyumba hubaki pale kipato kinapokwisha. Kuyatenganisha makosa haya mawili kunahitaji kumbukumbu ya kila kaya: majibu ghafi, toleo la kanuni lililotumika, alama iliyotoka na uamuzi wa mwisho. Kisha sampuli ya kaya itembelewe upya na watu wasiojua alama hizo, na matumizi yapimwe kwa dodoso kamili. Malalamiko yaliyopokelewa ni ushahidi dhaifu, kwani aliyeshindwa kulipa mara nyingi hukaa kimya.

Kuhusu nani akague, kwa maoni yangu aongoze Mkaguzi Mkuu wa Serikali, ambaye Kifungu cha 229 cha Katiba kinamtaka athibitishe iwapo fedha za umma zimetumika kisheria na kwa ufanisi, akiazima wanatakwimu wa vyuo vikuu na kupewa data ghafi na Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS. Kampuni iliyotengeneza mfumo haifai, wala mshauri anayelipwa na SHA yenyewe. Shida iko kwenye mkataba: Mkaguzi Mkuu amekwisha kueleza kwamba mfumo wa kidijitali wa afya, wa takriban shilingi bilioni 104.8, haumilikiwi na serikali, na asiyemiliki mfumo anaweza kunyimwa jedwali la uzito kwa kisingizio cha siri ya biashara. Haki ya mkaguzi kuliona jedwali hilo ilifaa iandikwe kabla ya mkataba kutiwa saini.

Kamishna wa Ulinzi wa Data ana kazi tofauti. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinampa mtu haki ya kuomba uamuzi uliofanywa na mashine pekee uangaliwe upya, na ombi hilo, likiandikwa, linailazimu SHA kulijibu kuhusu kaya yako, bila kusubiri ukaguzi wa taifa zima.